Mbegu Zimekataa Kuota? Hivi Ndivyo Barua Moja Inaweza Kumtoa Mwenye Agroveti Jasho

Uko zako Umoja, mathe anakupigia kutoka Kimilili: ile doh ulituma ya mbegu imeenda na maji. Alinunua mahindi kwa agroveti Kitale, akapanda ekari mbili, na shamba limekaa kama uwanja wa mpira. Mwenye duka anasema ni mvua. Sasa?

Kumbuka ile noma ya mbolea feki ya 2024. Serikali iliahidi kufidia wakulima, na ilijua nani alinunua nini kwa sababu mbolea ya ruzuku inauzwa kwa waliosajiliwa. Mbegu ya agroveti haina rejista kama hiyo. Rejista yako ni risiti, pakiti na barua. Matusi ya simu hayahesabiki.

Kabla mathe aandike, achimbue mashimo kadhaa. Mbegu ikiwa imetobolewa, huyo ni mdudu. Chipukizi likiwa limejikunja chini ya udongo mgumu, ama mbolea imegusana na mbegu ikaichoma, mwenye duka ana pa kujitetea. Lakini mbegu ikiwa imevimba ikaoza bila kutoa hata mzizi, na udongo ulikuwa na unyevu, hapo kuna kesi.

Halafu ahesabu. Akipanda mbegu moja kila sentimita 25, mstari wa mita 10 unafaa kuwa na miche 40. Tuseme amepima sehemu tano akapata 12, 15, 9, 14 na 10. Hiyo ni 60 kati ya 200, yaani asilimia 30. Kama kuna mbegu zilibaki kwa pakiti, achukue 100, azifukie kwa mchanga wenye unyevu ndani ya nyumba, ahesabu baada ya siku saba. Mahindi yaliyoidhinishwa Kenya yanafaa kuota angalau 90. Zikiota 34, basi shamba na mchanga zinasema kitu kimoja: mbegu ilikuwa imekufa. Zikiota 95, buda, shida iko kwa shamba.

Sasa barua. Iwe fupi na ya tarehe:

"Tarehe 22 Machi nilinunua kwako kilo 20 za mbegu ya mahindi, nambari ya shehena iko kwenye pakiti, nakala ya risiti nimeambatisha. Nilipanda tarehe 2 Aprili. Kufikia tarehe 14, asilimia 30 pekee ndiyo imeota. Naomba unirudishie pesa za mbegu ndani ya siku saba, na utume mtu aje kukagua shamba pamoja na afisa wa kilimo wa wadi kabla sijapanda upya. Hasara ya mavuno nitaidai ikishapimwa."

Mwenye duka atasema, "Enda kwa kampuni." Usikubali kurushwa. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, anayeuza bidhaa za aina hiyo ndiye anajibu kwako zikiwa mbovu. Kama mbegu zilifia kiwandani ama kwa stoo yake yenye joto, hiyo watamalizana wao.

Nakala moja iende KEPHIS, ambao wana ofisi Kitale. Wakaguzi wao wanaweza kuchukua sampuli ya shehena hiyo hiyo dukani, lakini ikiwa bado iko. Ikiuzwa yote, ushahidi umeenda. Afisa wa kilimo naye awe wa Bungoma, kwa sababu shamba liko huko. Na ile nambari iliyo chini ya stika ya kukwaruza, ukiituma kwa 1393 meseji inakuonyesha kama stika ni halali. Hiyo haimaanishi mbegu iko hai, lakini hifadhi hiyo meseji, pamoja na ile ya M-Pesa.

Shida kubwa ni saa. Mvua haingoji afisa. Mathe akiona siku zinayoyoma, apande upya lakini aache kipande bila kuguswa, na apige picha za shamba lote.

Hasara nayo haipimwi kwa hasira. Kama kawaida yeye huvuna magunia 40 na mahindi aliyopanda upya yakatoa 24, pengo ni magunia 16. Bei ikiwa 3,500, hiyo ni 56,000, ukitoa gharama ya kuvuna na kukoboa magunia ambayo hayakuwepo. Ongeza mbegu, mbolea ya kupandia na vibarua waliolipwa mara ya pili. Agroveti akinyamaza, Mahakama ya Madai Madogo inasikiza kesi za hadi milioni moja, na huhitaji wakili.

Kwa hivyo leo usitume doh pekee. Mwambie mathe asitupe pakiti.