Tiki ya bluu si muhuri wa serikali

Huku kwetu Fizi, kuanzia Baraka hadi Lubondja, kuna neno linalofunga kila ubishi: «Ina tiki ya bluu, basi ni ya kweli.» Neno hilo ni la uongo.

Tarehe 10 Novemba 2022, Twitter ilikuwa imeanza kuuza tiki hiyo kwa dola 8 kwa mwezi. Mtu asiyejulikana akalipa, akafungua akaunti ya @EliLillyandCo, jina la kampuni kubwa ya dawa ya Marekani, akatangaza kwamba insulini sasa ni ya bure. Wengi waliamini. Kampuni ikalazimika kuomba radhi na kueleza kwamba akaunti yake halisi ni @LillyPad. Tazama ajabu hiyo: ya bandia ndiyo iliyobeba jina la kampuni vizuri zaidi, na tiki juu.

Siku hizi, tiki ya bluu kwenye Twitter, ambayo sasa inaitwa X, humaanisha kwanza kwamba mwenye akaunti analipia. Makampuni yana tiki yao ya rangi ya dhahabu, nayo pia hulipiwa. Mnunuzi wa dhahabu wa Misisi haridhiki na mng'ao, hupima. Sisi tupime vipi?

Tuseme kijana wa Lubondja ameona Facebook ukurasa wenye jina la Vodacom, unaotangaza kazi na kudai dola 20 za «dosye». Kwenye maelezo yake kumeandikwa vodacom.cd, naye anatulia. Hapo ndipo anaponaswa, kwa sababu anwani hiyo hata tapeli anaweza kuiandika. Ushahidi ni njia ya kinyume: tovuti ndiyo iutaje ukurasa. Basi aandike vodacom.cd mwenyewe kwenye simu, ateremke hadi chini kabisa, mahali ambapo makampuni mengi huweka alama za mitandao yao, abonyeze ya Facebook, aone anafikishwa wapi. Akifikishwa kwenye ukurasa mwingine, ule wa kwanza hauna uthibitisho wowote.

Anwani nayo isomwe kuanzia mwisho. vodacom.cd ni jina lililosajiliwa chini ya .cd, ya nchi yetu. Lakini vodacom-cd.com ni jina jingine kabisa, na yeyote aliyewahi kulisajili ndiye mwenyewe.

Njia hii ina mpaka wake. Akaunti halisi inaweza kuibwa: tarehe 9 Januari 2024 wezi waliingia kwenye akaunti ya X ya SEC, msimamizi wa masoko ya hisa ya Marekani, wakatangaza habari ya uongo kuhusu bitikoini. Kwa hiyo tangazo la pesa litafutwe pia ndani ya tovuti yenyewe.

Ndugu msomaji, usipolikuta huko, dola 20 zako zibaki mfukoni.