Usaili si Mtihani wa Kiingereza

Kariakoo mzigo hushushwa kwa Kiswahili, huhesabiwa kwa Kiswahili na hugombaniwa bei kwa Kiswahili. Lakini kijana anayeomba kazi ya kutunza stoo hapo hapo husailiwa kwa Kiingereza, au kwa Kichina kupitia mkalimani, kisha huambiwa "hajiamini". Napinga hukumu hiyo, kwa kuwa aliyeitoa hakupima uwezo wa kutunza stoo hata kidogo.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa viatu vya jumla, asiyejua Kiswahili, anatafuta mtunza stoo, na anayemkalimania ni muuzaji wake mkuu. Swali ni hili: ukikuta katoni kumi zimepungua, utafanya nini? Msailiwa anajibu: "Tunahesabu upya, tunalinganisha na leja na hati za kutolea mzigo, halafu tunamwita aliyepokea mwisho, maana mara nyingi mzigo unakuwa umetoka bila kuandikwa." Mkalimani anageuka na kusema kwa kifupi: "Anasema watahesabu tena na kumuuliza mwenzao." Mwenye duka anaandika alama mbili kati ya tano.

Tazama kilichopotea. Hati zimetoweka, na pamoja nazo sababu inayoonyesha kwamba msailiwa anaijua kazi. Ile "tu" ya adabu, ambayo kwetu humwepusha mtu na majivuno, imegeuka dalili kwamba kazi hufanywa na wengine. Alama mbili zile ni za mkalimani, ila zimeandikwa kwenye jina la msailiwa.

Tena, mkalimani huyo ana maslahi. Mtunza stoo makini ndiye atakayegundua mzigo uliotolewa bila hati, na huenda aliyeutoa ni muuzaji huyo huyo. Mahakamani mkalimani huapishwa kwanza. Dukani hukabidhiwa riziki ya mtu bila hata kuulizwa anamjua nani.

Ukalimani mbovu hujitambulisha hata kwa asiyeijua lugha. Jibu la dakika moja linarudi kwa sekunde tano. Mkalimani anajibizana na msailiwa kabla ya kutafsiri. Kila sentensi inaanza na "anasema". Dawa yake ni kumtaka mkalimani asiye na maslahi atafsiri kwa nafsi ya kwanza, sentensi mbili tatu kwa wakati mmoja. Swali likiwa zito, arudishe kwa Kiswahili kile alichokitafsiri, ili msailiwa mwenyewe athibitishe. Muda wa usaili nao uongezwe hadi karibu maradufu, maana kila neno linasemwa mara mbili.

Kiingereza kina mitego yake. Msailiwa anayesema alifungua stoo "saa mbili asubuhi", akaitafsiri neno kwa neno, ataonekana alifungua usiku wa manane. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye". Basi akimtaja bosi wake wa zamani mara kama mwanamume, mara kama mwanamke, jopo litadhani anatunga. Swali moja la ufafanuzi lingetosha kuondoa shaka, lakini jopo lililokwisha kununa haliulizi.

Najua nitajibiwa kwamba Kiingereza ndicho lugha ya biashara. Sawa. Kama kazi yenyewe ni kuwaandikia wauzaji wa nje, mpe barua moja aiandike, umpime kwa barua hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini, lakini inamruhusu mwajiri kutofautisha watu kwa sharti linalotokana na asili ya kazi. Lugha haikutajwa katika orodha yake ya misingi ya ubaguzi, na mwanya huo ndio wengi wanaopitia. Hata hivyo kipimo cha "asili ya kazi" ni cha haki, na kila jopo lingepaswa kujiuliza: ni jukumu gani hasa litakwama kwa Kiingereza hafifu? Lisipopatikana, lugha isipewe alama. Likipatikana, lugha iwe na mstari wake kwenye karatasi ya alama, isichanganywe na mstari wa uwezo.

Kwa mtunza stoo kipimo bora kiko mezani. Mpe ukurasa wa leja wenye kosa moja na hati tano za kutolea mzigo, umwache atafute kosa. Namba hazihitaji mkalimani. Kweli, zoezi hilo halitakuonyesha uaminifu wake. Kwa hilo utawauliza waliowahi kufanya naye kazi. Lakini usidai kuuona uaminifu, wala "kujiamini", kupitia kinywa cha mtu wa tatu. Sauti na mizani ya maneno havivuki salama kutoka lugha moja hadi nyingine, na safu hiyo ifutwe kabisa panapokuwa na mkalimani.

Watumishi wa umma mnaoketi kwenye majopo, anzeni na karatasi zenu za alama. Nanyi wanafunzi wangu, mkiitwa kwenye usaili, ulizeni mapema lugha itakayotumika, na ombeni kueleza kwa Kiswahili pale kazi yenyewe inapofanywa kwa Kiswahili. Jopo likikataa, liandike sababu.