Sikio Likizima Ghafla, Usikimbilie Matone

Wasee wa Malaba na Busia, beshte yangu wa boda aliamka sikio la kushoto limezima. Halikuuma, lilikuwa linalia tu ngiii. Akanunua dawa ya matone kwa kemisti, akangoja wiki tatu. Mpaka leo halisikii.

Funga mdomo, uvume "mmmm". Ukisikia zaidi upande wa sikio bovu, huenda limeziba tu kwa nta. Ukisikia zaidi upande ule mzima, shuku neva, na matone hayafiki huko. Daktari huandika vidonge vya prednisoloni, na vinasaidia zaidi vikianzwa siku za kwanza, ndani ya wiki mbili.

Kwa hivyo nenda hospitali siku hiyo hiyo, uombe kupimwa usikivu. Na nyinyi wa kemisti, kabla ya kuuza matone, ulizeni: lilizima lini?