Seramu Haiponyi Ncha, Makasi Hayakuzi Nywele

Wacha niseme tu: hakuna seramu inayoponya ncha ya nywele iliyopasuka. Hata ile ya elfu mbili. Najua mtanijia kwa komenti, lakini nisikizeni kwanza.

Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai, kwa hivyo hauwezi kupona vile kidonda kinapona. Kwa nje umefunikwa na magamba membamba yanayopandana kama vigae vya paa. Kitana, moto wa kukausha na rangi huyakwangua polepole, na kwa sababu ncha ndiyo sehemu iliyozeeka zaidi, huko ndiko yanaisha mapema. Ndani kukibaki wazi, nyuzi zinaachana. Seramu inazigandisha tu, mara nyingi kwa silikoni, na kitana kinapita bila kunasa. Hiyo ni kazi nzuri, sikatai. Lakini ukiosha kichwa, uko pale pale. Shida yangu ni lile neno "inaponya" kwa chupa.

Halafu kuna wale wa "kata ndio zikue haraka." Kwani mzizi umejuaje makasi yamepita huko chini? Nywele hukua kutoka kwa ngozi ya kichwa. Makasi yanaamua tu kiasi utakachobaki nacho.

Tupige hesabu. Tuseme nywele zako zinakua sentimita 1 kwa mwezi. Zetu za kipilipili mara nyingi hazifiki hapo. Ukikata sentimita 1 kila miezi mitatu, mwaka unaisha zimekua 12, umetoa 4, umebaki na 8. Ukikata hiyo 1 kila mwezi, umebaki na sifuri, halafu unalia ati nywele zako hazikui. Zinakua sana, ni vile unaziacha kwa sakafu ya saluni.

Na usipokata kabisa? Ncha zilizochakaa zinashikana, zinafunga vifundo, na siku ya kufumua zinakatika juu zaidi ya pale zilipopasuka. Yaani bado umekatwa, tena vibaya, upande mmoja mrefu na mwingine mfupi.

Ndiyo maana sifuati kalenda, naangalia sinki. Unywele mrefu wenye kitone cheupe mwishoni umetoka kwa mzizi. Huo ulikuwa umemaliza siku zake. Vipande vifupi visivyo na kitone vimekatika. Vikizidi, na ncha za misokoto zimekuwa nyembamba hadi unaona nyuma yake, ni wakati wa kukata.

Nyoosha nywele kwanza, sokota vifungu vidogo, kata karibu nusu sentimita juu ya mpasuko. Tumia makasi ya nywele, si yale ya kufungulia pakiti za maziwa, maana makasi butu huponda unywele na kuanzisha mpasuko mwingine. Na ukienda kwa msusi, usimwambie "toa kidogo." Kidogo yake na yako ni tofauti kabisa. Muonyeshe kwa kidole, kabla hajashika makasi.