Bei ya chini, foto safi: kidonda kiko wapi?

Kila mwisho wa mwezi, na zaidi sana wakati kampuni inalipa watu dekonte, telefone za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi zinajaa matangazo ya motokari. Moja linarudi kila mara: Toyota Noah, mwaka 2012, rangi nyeupe, bado iko Japani, dola 3 500 mpaka Kasumbalesa. Foto ziko kumi na mbili. Karoseri inang'aa, viti havina hata doa moja, moteri utasema imetoka kiwandani leo. Baba anaonyesha mama, mama anaonyesha shemeji, na wote wanasema: « Angalia mwenyewe, foto njo hizi! »

Tuangalie basi, lakini tuanze na kitu ambacho mutu wa mine anakijua kuliko mutu mwingine yeyote.

Mchimbaji akifika na mifuko makumi tatu kwenye soko la Musompo, mnunuzi hakubali kupima jiwe moja lile mchimbaji amechagua kwa mkono wake, malakiti ya kijani kabisa. Anataka kuchota kidogo katika kila mfuko, juu, katikati na chini, asage, achanganye, ndipo apime. Jiwe lililochaguliwa ni la kweli, lakini haliambii mutu hali ya mifuko yote. Linamwambia tu kwamba muuzaji anajua kuchagua. Foto ya motokari njo ile ile. Ni eshantiyo iliyochaguliwa na yule anayetaka makuta yako. Tena kuna tofauti moja mbaya: pale Musompo jiwe liko mkononi mwa muuzaji, lakini foto inaweza kuwa ya motokari ya mutu mwingine.

Kuwa na foto nzuri hakugharimu kitu. Muuzaji wa haki anazo, na mwizi anazo, juu kampuni za kweli za Japani zinaweka foto za maelfu ya motokari mbele ya watu wote, na mwizi anachukua tu. Alama inayopatikana kwa wote wawili haiwezi kukusaidia kuwatenganisha. Foto safi, peke yake, haiongezi wala haipunguzi kitu kwenye mizani.

Bei ni kitu kingine. Bei inabeba sababu yake. Motokari ikiuzwa kwa nusu ya bei ya wengine, kuna jambo: iligongwa na kunyooshwa, iliingia maji, moteri inakula mafuta, karatasi zina shida, muuzaji ana haraka, iliibiwa, ao haipo kabisa. Sasa uangalie vizuri. Zile sababu tatu za kwanza ni vidonda vya motokari yenyewe, na muuzaji wa haki hana sababu ya kuvificha, maana njo vinaeleza bei yake. Atakuambia: « Mulango wa kuume ulipigwa, moteri inatoa moshi asubuhi, njo maana ninapunguza. » Atakutumia na foto ya ule mulango. Kitu cha bei ya chini chenye haki kinaonyesha kidonda chake.

Kwa hiyo bei ikiwa chini sana na foto hazina hata mkwaruzo, zile sababu za kawaida zimetoka. Zinabaki mbaya: kidonda kimefichwa, mali si yake, ao motokari haipo. Njo hapa watu wengi wanakosea hesabu. Wanafikiri foto nzuri inapunguza hofu ya bei ya chini. Kumbe inaizidisha.

Tuchukue mfano na tuhesabu. Ile Noah ya dola 3 500, kabla hata ya kufungua foto, uliza watu wawili ao watatu walioleta motokari mwaka huu: walilipa ngapi meli kutoka Japani mpaka Dar es Salaam, na ngapi bandari na barabara, kupita Tunduma, Nakonde na Zambia mpaka Kasumbalesa? Tuseme wanakuambia meli dola 1 400, bandari na barabara dola 1 300. Jumla 2 700. Toa hizo kwenye 3 500: zinabaki 800. Katika zile 800, muuzaji anunue Noah kwenye mnada wa Japani, alipe mnada wenyewe, aipeleke bandarini, na apate faida. Kisha fungua kurasa za kampuni nne ao tano za Japani, uangalie Noah ya mwaka ule ule na kilometa zinazokaribiana. Ukikuta zote zinauzwa kule kule, kabla ya meli, dola 3 000 ao 4 000, umepata jibu. Hakuna mutu anayeuza kwa 800 kitu ambacho jirani yake atanunua kwa 3 000 asubuhi ile ile. Hesabu hii fanya kwanza, foto ziwe bado zimefungwa. Jicho likishapenda, kichwa kinaanza kutafuta sababu za kukubali.

Na hesabu ikibaki na shaka, ndipo foto zifunguliwe, lakini kwa kuzihoji. Kwanza, pitisha kila foto kwenye Google Lens. Ikionekana kwa wauzaji watatu wenye majina mbalimbali na bei mbalimbali, angalau wawili si wenye motokari ile. Lakini isipoonekana popote, usiseme imekuwa ya kweli. Wezi wanajua kugeuza foto, ya kushoto iwe ya kuume, ili isitambuliwe. Noah ni motokari ya soko la Japani, volan yake iko kuume. Ukiona volan iko kushoto na herufi za nyuma zinasomeka kinyume, foto imegeuzwa.

Pili, omba namba ya shasi, na foto ya kibao chake. Motokari za soko la Japani hazina ile namba ndefu ya herufi 17. Zina namba fupi inayoanza na jina la modeli. Noah za miaka 2001 mpaka 2007 zinaanza na `AZR60` ao `AZR65`. Zile zilizofuata mpaka karibu na 2014 zinaanza na `ZRR70` ao `ZRR75`. Mutu akikuambia « mwaka 2012 » na namba inaanza na `AZR60`, amekuongezea miaka mitano ao zaidi. Namba ile ile inapashwa kuonekana kwenye kibao, kwenye karatasi ya mnada, kwenye cheti cha kutoka Japani na kwenye karatasi ya meli. Herufi moja ikiwa tofauti, simama.

Tatu, omba karatasi ya mnada. Wakaguzi wa minada ya Japani wanaipa motokari alama: 4 ao 4,5 ni nzuri, 3 imechoka kidogo, na R ao RA ni ile iliyogongwa kisha ikatengenezwa. Kwenye mchoro wa karoseri wanaandika A kwa mkwaruzo, U kwa kubonyea, na S kwa kutu. Karibu kila motokari ya umri ule ina alama kadhaa. Ukisoma U2 kwenye mulango wa kushoto, rudi kwenye foto za ule mulango. Hauna hata kubonyea kidogo? Basi karatasi na foto zinaweza kuwa za motokari mbili.

Nne, omba foto mpya, si nzuri: sakafu chini ya kapeti, bulo za viti, taa za mbele kwa karibu. Motokari iliyoingia maji inaacha udongo laini chini ya kapeti, kutu kwenye bulo za viti, na ukungu ndani ya taa. Foto za biashara hazifiki kule. Omba tena karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo iwekwe juu ya kapo. Mwenye motokari anaweza kuipata kwa siku moja ao mbili. Mwenye foto tu atakuambia parking imefungwa, bosi hayupo, ao mteja mwingine ameshatuma makuta.

Lakini tusidanganyane. Hata foto mpya yenye jina lako inaonyesha jambo moja tu: mutu huyu alisimama karibu na motokari hii leo. Haionyeshi kwamba ni yake. Karatasi nazo zinaweza kutengenezwa. Njo maana ushahidi wa mwisho ni njia ya malipo. Kampuni ya kweli inakupa fakture ya profoma yenye namba ya shasi, na konti ya benki kwa jina la kampuni yenyewe. JUMVEA, ushirika wa wauzaji wa motokari za Japani, unaweka orodha ya wanachama wake. Angalia jina pale, kisha piga telefone kwa namba iliyo kwenye orodha, si ile ya tangazo. Mutu akikuomba utume kwa jina la mutu binafsi, ao kwa telefone ya « ajenti wetu wa Kasumbalesa », hapo foto zote kumi na mbili hazina uzito tena.

Wengine watasema: « Si ni bahati? Nikipata, nimepata. » Tuhesabu na hiyo. Tuseme Noah ile, ikiwa ya kweli, ingekupa faida ya dola 3 500 juu ya bei ya kawaida. Ikiwa ya uongo, unapoteza 3 500. Ili usipoteze kwa wastani, matangazo ya namna hii yapashwa kuwa ya kweli zaidi ya moja kwa mawili. Tena faida na hasara hazina uzito sawa: faida inakupunguzia gharama, lakini hasara ya dekonte ni minervali ya watoto na kodi ya nyumba.

Bei ya chini ya haki ipo. Mwenzako wa ekipe anayehama Kolwezi wiki ijayo anaweza kukuuzia kwa haraka. Lakini yule unajua sababu yake, unaweza kuleta mekanisien, kuwasha moteri ikiwa baridi asubuhi, na kulipa motokari ikiwa mbele yako. Bei ni ile ile ya chini, lakini kidonda kinaonekana.

Na kama tayari umeshatuma, ujue kinachofuata: watakuambia motokari imefungwa kwenye duane, ongeza dola 600. Usiongeze. Hifadhi mazungumzo yote na risiti, ujulishe siku ile ile benki ao kampuni ya telefone uliyopitia, kisha polisi. Zile 600 hazifungui mulango wowote. Ni ya pili tu ya zile zilizoibiwa.