Tahadhari: Usipande Jukwaani na Insha

Kama umeombwa kutoa hotuba kuu kwenye kongamano na tayari umeshaiandika, simama kidogo usome kwa sauti sentensi ifuatayo. Nimeitunga kwa mtindo wa hotuba ninazoletewa kuhariri, na mada yake ni sumukuvu kwenye mahindi:

"Imani iliyoenea katika kaya nyingi, ya kwamba mahindi yaliyoota ukungu huwa salama kwa kuliwa pindi yanapoanikwa upya, kukobolewa na kupikwa kwa muda mrefu, licha ya kurithishwa kwa vizazi kadhaa, haina uthibitisho wa kisayansi."

Kwenye karatasi haina kosa. Msomaji ataifuata hadi mwisho, na akipotea atarudisha macho nyuma. Msikilizaji hana pa kurudi. Kabla ukanusho haujamfikia, ameshabeba akilini kwamba mahindi yenye ukungu huwa salama yakikobolewa na kupikwa sana. Aliyeinamia simu yake kwa sekunde mbili mwishoni mwa sentensi ataondoka na hayo tu, tena atasema ameyasikia kwa mtaalamu. Ofisa ugani atayapeleka kijijini. Mtangazaji atayatia kwenye taarifa ya habari ya jioni.

Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Moto wa kawaida wa jikoni hauiondoi. Kwa hiyo mtu anayeongoza ukumbi wa watu mia tatu kuamini kinyume chake, hata kwa bahati mbaya ya mpangilio wa maneno, ametenda jambo zito, na kuomba radhi baadaye hakutawafikia wote waliomsikia.

Jambo la kwanza la kufanya usiku huu ni kuwinda kila sentensi inayoanza na kosa na kumalizia na sahihisho. Igeuze. Sema ukweli kwanza, kwa kitenzi kilicho mbele, kisha ukome. Sentensi yetu inakuwa hivi:

"Kupika hakuondoi sumukuvu. Nasema tena: kupika hakuondoi sumukuvu. Wazazi wetu waliamini kunaondoa. Uchunguzi umeonyesha hakuondoi."

Ona kwamba imani ya zamani bado imetajwa, ila imekuja baada ya ukweli, imepewa maneno manne tu, na ukweli ukaifunga tena. Yale maelezo ya kuanika upya na kukoboa nimeyatoa kabisa. Yana nafasi yake, lakini kila neno unaloongeza kwenye imani potofu linaipa nguvu masikioni.

Jambo la pili ni alama za njia. Insha ina vichwa vidogo, aya na nafasi nyeupe, na vyote hivyo hupotea mara unapofungua mdomo. Maneno kama "iliyotajwa hapo juu" au "kama inavyoonekana hapa chini" hayana maana ukumbini, maana hakuna juu wala chini. Badala yake mwambie msikilizaji unakompeleka, na ukifika mwambie umefika: "Nina mambo mawili. La kwanza ni kukausha. La pili ni kuchambua." Kisha baada ya dakika saba: "Hayo ndiyo ya kukausha. Sasa naingia la pili, kuchambua." Wengi hukumbuka kufungua sehemu na kusahau kuifunga. Matokeo yake msikilizaji aliyeahidiwa mambo mawili bado anasubiri la pili wakati wewe umeshalimaliza. Ukiahidi mawili, yawe mawili. Likijitokeza la tatu katikati, nenda karekebishe ile ahadi ya mwanzo.

Swali nalo ni alama nzuri ya njia pale unapogeuka: "Je, mkulima atajuaje kwamba mahindi yamekauka?" Nyamaza kidogo. Kisha jibu: kipima unyevu kisisome zaidi ya asilimia 13. Takwimu iliyotanguliwa na swali hupata mahali pa kukaa. Iliyozikwa katikati ya aya hupita tu.

Jambo la tatu ndilo linalowasumbua zaidi waandishi wazuri, kwa sababu tangu shuleni tumefundishwa kukwepa kurudia. Kwenye insha utaandika "sumukuvu", mstari unaofuata "kemikali hii hatari", kisha "aflatoksini", halafu "adui huyu asiyeonekana". Msomaji atafurahia ufundi wako. Msikilizaji atadhani umetaja vitu vinne. Chagua jina moja na ulishikilie hadi mwisho.

Zaidi ya jina, chagua sentensi moja ambayo ungependa ifike kijijini bila kubadilishwa hata neno, na uirudie vilevile ilivyo. Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kwamba Tanzania itamwondoa Idi Amin katika ardhi yake, alitaja uwezo, sababu na nia, kila kimoja katika kishazi kilichojengwa sawa na mwenzake na kuishia kwa kitenzi kilekile. Watu ambao hawakuwa wamezaliwa siku hiyo wanaijua kauli hiyo. Sauti iliyorudi mara tatu ndiyo iliyoibeba.

Ila kurudia kuna mpaka wake. Katika hotuba ya dakika ishirini, sentensi yako kuu ije karibu mara nne: unapoifungua hotuba, mwishoni mwa kila moja ya zile sehemu mbili, na kabla ya kuketi. Ukiirudia kila aya inageuka kelele, na ukirudia sentensi tatu tofauti kwa uzito uleule, hakuna itakayoshika. Usirudie kamwe ile imani potofu, hata kwa nia ya kuipinga.

Baada ya hayo hotuba itakuwa imerefuka, kwa hiyo lazima ukate. Vile vipimo vya maneno kwa dakika vinavyotolewa kwa Kiingereza visikudanganye, kwani maneno yetu ni marefu. Soma ukurasa mmoja kwa sauti ya jukwaani huku ukitazama saa, kisha uzidishe kwa idadi ya kurasa. Kata mifano kabla ya kukata alama za njia. Kama kuna wakalimani, wape nakala mapema na uwaonyeshe sentensi unayoirudia, wasije wakaitafsiri kwa namna nne tofauti.

Kisha jaribu. Msomee mtu asiye wa fani yako, asiwe na karatasi mkononi. Ukimaliza, zungumzeni mambo mengine kwa robo saa, halafu umuulize: nifanye nini na mahindi yenye ukungu? Akianza na "nadhani ulisema ukipika...", hotuba haijawa tayari, hata kama amesema ni nzuri.

Chapisha kwa herufi kubwa, sentensi moja kwa mstari, upande mmoja wa karatasi, na sentensi isivuke ukurasa. Ile insha ya awali ihifadhi kwa ajili ya kitabu cha kongamano. Waandishi wa habari usiwape insha hiyo. Wape ukurasa mmoja wenye sentensi yako kuu juu kabisa, na uwakabidhi mkononi kabla hujapanda jukwaani.