Umri wa Ndoa: Namna ya Kuisoma Hukumu Hadi Amri ya Mwisho

Kutoka Mbinga hadi vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa kama Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, wananchi wengi hupata habari za hukumu za mahakama kupitia redio au simu ya mkononi, zikiwa zimefupishwa kwa sentensi moja. Sentensi hiyo huweza kuwa sahihi na bado ikampotosha msikilizaji. Mfano ulio wazi ni shauri la umri wa ndoa, ambalo wengi hulieleza kwa maneno machache: "mahakama imefuta ndoa za chini ya miaka 18". Mzazi au mtendaji wa kijiji anayetaka kujua ukweli wake hana budi kuifungua hukumu yenyewe, iliyowekwa kwenye tovuti ya tanzlii.org kwa lugha ya Kiingereza, na kutafuta ndani yake mambo matatu: hoja inayobishaniwa, sababu za uamuzi na amri.

Hoja hupatikana katika kurasa za mwanzo, mahali mahakama inapoeleza mlalamikaji aliomba nini. Mwaka 2016, Rebeca Gyumi alifungua shauri Mahakama Kuu dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuhusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 13 kinamtaka mwanamume awe na miaka 18 ili aoe, lakini kinamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Aidha, kinaipa mahakama uwezo wa kuruhusu ndoa ya mwenye miaka 14 kwa sababu maalumu. Kifungu cha 17 kinahusu ridhaa ya mzazi kwa msichana ambaye hajafikisha miaka 18. Kwa hiyo hoja haikuwa ndoa ya mtu fulani. Mahakama iliulizwa kama vifungu hivyo vinapatana na Katiba.

Sababu za uamuzi ndizo ngumu zaidi kuzitambua, kwa kuwa hukumu huanza kwa kueleza hoja za kila upande kabla mahakama haijatoa yake. Katika rufaa, kwa mfano, Mwanasheria Mkuu alidai kuwa Mahakama Kuu ilikosea kuhusu nafasi ya sheria za kimila na za Kiislamu katika ndoa. Msomaji anayeishia hapo huweza kudhani kuwa hayo ni maneno ya majaji. Njia ya kutofautisha ni kuangalia nani anazungumza: panapoandikwa kwamba wakili "alidai" au "aliwasilisha", huo ni upande mmoja tu, majaji wanapoanza kusema "tunaona" au "tumeridhika", hapo ndipo mahakama inaposema. Katika shauri hili, kiini cha sababu kilikuwa usawa: sheria iliwatendea wavulana na wasichana kwa namna tofauti katika jambo lile lile.

Amri huandikwa mwishoni, nayo haina budi kusomwa neno kwa neno. Julai 8, 2016, Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba, kisha ikaiagiza Serikali, kupitia Mwanasheria Mkuu, ivirekebishe ndani ya mwaka mmoja na kuweka miaka 18 kwa wote. Oktoba 23, 2019, Mahakama ya Rufani iliitupilia mbali rufaa ya Serikali, na amri ya kurekebisha sheria ikabaki.

Amri hiyo ilielekezwa kwa Serikali. Haikutaja ndoa yoyote iliyokwisha kufungwa, wala mahakama yenyewe haikuandika upya kifungu cha sheria. Msingi wa utaratibu huo ni Ibara ya 30(5) ya Katiba, inayoiwezesha Mahakama Kuu, badala ya kuitangaza sheria kuwa batili papo hapo, kutoa muda wa kuirekebisha. Sheria huhesabiwa kuwa halali hadi irekebishwe au muda huo uishe, kwa kuzingatia lipi linatangulia.

Hata hivyo, hukumu moja haibebi sheria yote. Mwenye kuisoma amri hiyo asidhani kuwa binti wa miaka 15 aliyeko shuleni anaweza kuozwa. Mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanakataza kumuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Katazo hilo linatokana na sheria nyingine, na halikusubiri matokeo ya rufaa.

Anayeulizwa kijijini kuhusu hukumu yoyote ana maswali matatu ya kujibu kabla ya kuieneza: mahakama iliulizwa nini, iliamua kwa sababu gani, na imemwamuru nani afanye nini na ndani ya muda gani. Habari iliyokosa jibu la swali la tatu bado haijaeleza kilichoamuliwa.